Nim ya mafungu matatu: usikimbilie fungu kubwa

Pale Mwanjelwa, Mbeya, tunacheza Nim kwa maharage juu ya gunia. Unachagua fungu moja, unatoa punje moja au zaidi, hata lote ukitaka. Anayechukua punje ya mwisho kabisa ndiye mshindi.

Dhana: Anza na fungu kubwa.

Jioni moja nilipanga mafungu ya 3, 4 na 5, nikamwachia mpwa wangu aanze. "Mjomba, nakula hili kubwa," akasema, akatoa mbili kwenye tano. Yakabaki 3, 4 na 3. Nikazoa zile nne zote. Kuanzia hapo kila alichotoa kwenye fungu moja nilikitoa kwenye jingine, na punje ya mwisho ikawa yangu.

Ukweli ni kwamba kwenye 3, 4 na 5 hatua ya ushindi ni moja tu, na ipo kwenye fungu dogo kuliko yote. Andika kila fungu kwa 0 na 1, safu zikiwa za nne, mbili na moja:

```
3 = 011
4 = 100
5 = 101
```

Sasa hesabu zile 1 safu kwa safu, bila kubeba. Safu ya nne ina mbili, safu ya moja ina mbili, lakini ya katikati ina moja pekee, ya fungu la 3. Iondoe: 011 iwe 001, yaani toa punje mbili. Yanabaki 1, 4 na 5, na kila safu ina 1 kwa idadi shufwa.

Mpinzani hawezi kuitunza hali hiyo. Anagusa fungu moja tu, kwa hiyo walau safu moja itaharibika. Wewe unatafuta safu ya kushoto kabisa iliyoharibika, unachukua fungu lenye 1 hapo, unaigeuza 0, kisha unageuza tarakimu zake katika safu nyingine mbovu. Namba lazima ipungue, maana safu ya kushoto inazidi zote za kulia kwake zikijumlishwa. Charles Bouton wa Chuo Kikuu cha Harvard alilithibitisha hili mwaka 1901.

Dhana: Jumla ya punje zote inatosha kukuonyesha.

Nusu tu. Jumla ikiwa witiri, safu ya moja imeharibika, hivyo mwenye zamu ana njia. Ikiwa shufwa haisemi kitu: 3, 4 na 5 ni 12, mwenye zamu anashinda, 1, 2 na 3 ni 6, mwenye zamu anashindwa mpinzani asipokosea.

Dhana: Anayeanza hushinda.

Mpe aanze na 1, 4 na 5 uone.

Dhana: Wakikubaliana kwamba anayechukua ya mwisho ndiye ameshindwa, hesabu yote hubadilika.

Hubadilika mwishoni tu. Cheza vilevile mpaka libaki fungu moja lenye zaidi ya punje moja. Zamu hiyo ikiwa yako, lizoe lote au liache na punje moja, ili mafungu ya punje mojamoja yanayobaki yawe witiri.