Nadharia X na Nadharia Y: patroni anakuonaje?

Tuchukue atelie ya kushona katika komine ya Kenya, Lubumbashi, mwezi wa nane. Masomo yanaanza Septemba, kwa hiyo mashati meupe na sketi za bluu zimejaa mezani. Washonaji ni sita. Mama patrone anahesabu vifungo mwenyewe, uzi anaufungia kabatini, na hakuna kola inayoshonwa kabla hajaitazama.

Siku moja mshonaji anakosea kukata kitambaa. Hasemi. Anaunga kipande kwa ndani, na baada ya wiki mbili mzazi anarudisha shati limefumuka. “Si nilijua? Ukiwapa mgongo tu, wanaharibu.” Kuanzia hapo mama anaongeza ukaguzi.

Namna hiyo ya kumwona mfanyakazi, Douglas McGregor, profesa wa uongozi katika chuo cha MIT huko Marekani, aliiita Nadharia X katika kitabu chake cha mwaka 1960. Patroni anaamini kwamba mtu wa kawaida hapendi kazi, anakwepa majukumu, na lazima asukumwe au atishwe. Nadharia Y ni kinyume chake: kutumia nguvu kazini ni jambo la kawaida kama kucheza au kupumzika, na mtu aliyelikubali lengo anaweza kujisimamia. Herufi hizo hazifupishi neno lolote.

Wengi huzielewa kama aina mbili za mapatroni, mkali na mpole. Sivyo. Ni imani iliyo kichwani kabla ya amri yoyote kutolewa, na ubaya wa X ni kwamba inajitengenezea ushahidi. Mshonaji alificha kosa kwa sababu kulisema kungemletea adhabu. Mama aliona uongo, hakuona kwamba ukaguzi wake ndio uliouzaa.

Angeanza na Y, angekubaliana nao idadi ya mashati kwa wiki, kisha kila mmoja angekagua yake na kuweka alama yake ndani ya kola. Aliyekosea kukata angesema mapema, kitambaa kingegeuzwa kuwa mfuko wa shati. Mama angebaki na kazi ya kutafuta kitambaa na kuangalia mashati yaliyorudishwa ni mangapi, na ya nani. Huo si ulegevu. Shati lenye alama yako likirudi, huna pa kujificha.

Ila Y haiwezi kusimama juu ya mshahara wa miezi mitatu ambao haujalipwa. McGregor mwenyewe, akifuata mawazo ya mwanasaikolojia Abraham Maslow, alieleza kwamba mtu mwenye njaa ya mahitaji ya msingi hawezi kuvutwa na heshima ya kazi. Mshonaji huyo ataonekana mvivu, na patroni wa X atadhani amethibitishiwa tena, kumbe deni liko kwake.