Kuzungusha sio kupindua, jamani

Leo tena mtu kanibishia kwamba picha ikizungushwa digrii 180 ndo imepinduliwa kama kwenye kioo. Ni kweli kwa mshale, sababu mshale una pande mbili zinazofanana. Mi natunga haya mafumbo ya picha ya tatu kwa tatu, ya mwisho imefichwa unaichagua mwenyewe, na mshale siuweki pale ninapotaka kukutega, naweka bendera.

Chukua hii. Safu mlalo ya kwanza, picha ya kwanza bendera imesimama, kitambaa kiko kulia. Picha ya pili ncha ya mlingoti imelala kulia, kitambaa kiko chini. Picha ya tatu ncha inatazama chini na kitambaa kiko kushoto. Kila hatua imezunguka digrii 90 kufuata saa, basi. Sasa watu hapo ndo wanasema "kitambaa kimehama kushoto, imepinduliwa". Hapana! Tembea kwenye mlingoti kutoka chini yake kwenda kwenye ncha, kitambaa kiko mkono wako gani? Wa kulia, picha zote tatu. Izungushe hadi kesho utakesha, mkono hauhami. Ukihamia kushoto ndo imepinduliwa kama kwenye kioo.

Safu ya pili inaanza na bendera iliyosimama, kitambaa kushoto. Kwa hiyo kushuka safu moja chini ni kupindua. Inayofuata ncha iko kulia, kitambaa juu, halafu ncha chini, kitambaa upande wa kulia wa karatasi. Mkono wa kushoto zote. Safu ya tatu inapinduliwa tena, inarudi kama ya kwanza, hiyo ya mwisho iliyofichwa ni ncha chini, kitambaa kushoto. Kila picha ina vistari pia, hivyo ni kuhesabu tu, kimoja safu ya kwanza, viwili ya pili, kwa hiyo vitatu. Hivyo vinakusaidia kufuta machaguo ya kijinga kisha unaachana navyo, maana mtego wangu nao una vistari vitatu, ila kitambaa kiko kulia.

Sasa kinachonikera hata mimi. Ukipindua kulia-kushoto kisha ukazungusha digrii 90, hupati sawa na kuzungusha kwanza halafu kupindua. Jaribu kuifikia picha ya katikati ukianzia picha ya kwanza kabisa. Kupindua kwanza kunakupa ncha kulia, kitambaa juu. Kuzungusha kwanza kunakupa ncha kushoto, kitambaa chini, yani zimepishana nusu duara. Kwa hiyo kwenye fumbo langu safu wima ya kwanza inapinduka kulia-kushoto lakini ya pili inapinduka juu-chini, na sheria inayoshika kote ni kwamba bendera inapinduka kuvuka mlingoti wake yenyewe, sio kuvuka karatasi. Ndo maana picha ya katikati ndo ya kukagulia, ukiiruka unabahatisha.

Na nikiri, nimeshatunga mafumbo ambayo katikati niliweka umbo lenye pande zinazofanana, mtu akaniletea jibu tofauti na langu, nikakaa nalo jioni nzima, na sikuweza kumwambia amekosea.