Kikohozi kikavu na oksijeni inayoshuka ukitembea: nimonia ya nyumosistisi kwa mwenye VVU

Msimu wa kukausha tumbaku unapofika Sikonge, Urambo na Kaliua, kikohozi kikavu hakimshangazi mtu. Anayelala karibu na bani akichochea moto usiku kucha atasema ni moshi, na mara nyingi atakuwa sahihi. Lakini kipo kikohozi kikavu ambacho moshi hauhusiki nacho. Huanza polepole na kujivuta kwa wiki mbili, tatu, hata zaidi, kikiambatana na homa isiyo kali sana na pumzi inayokatika kidogo zaidi kila siku. Aliyekuwa akipanda baiskeli na gunia la mahindi wiki tatu zilizopita, leo anasimama kupumzika akitoka chooni. Kwa mtu anayeishi na VVU ambaye kinga yake imeshuka, hasa CD4, yaani chembe za kinga kwenye damu, zikiwa chini ya 200, hali hiyo inapaswa kutufanya tufikirie nimonia ya nyumosistisi, ambayo kwenye faili la mgonjwa huandikwa PCP.

Kinachoisababisha ni kuvu, kimelea cha jamii moja na ukungu na hamira. Wengi wetu hukutana nacho tukiwa wadogo bila kuugua. Kinga ikianguka kinazaliana ndani ya vifuko vya hewa, mahali ambapo oksijeni huvuka kuingia kwenye damu, na kuvijaza povu zito. Povu hilo haliko kwenye mirija mikubwa ya hewa, na ndiyo sababu mgonjwa anakohoa bila kutoa makohozi. Ndiyo sababu pia mhudumu akisikiliza kifua mara nyingi hasikii kitu. Mtu anahema mara 30 kwa dakika na kifua kimetulia kabisa. Kutofautiana huko kwa mgonjwa na kifua chake ni ishara ya kuchukulia kwa uzito, wala kusiwe sababu ya kumwambia kuwa mapafu yake ni mazima.

Ili kuona kwa nini oksijeni hushuka akitembea, fuata safari ya damu ndani ya pafu. Mtu akiwa ametulia, kila chembe nyekundu hupita kwenye kifuko cha hewa kwa takriban robo tatu ya sekunde. Pafu lenye afya huhitaji kama theluthi tu ya muda huo kuijaza oksijeni, kwa hiyo kuna akiba kubwa. Pafu lenye povu hupitisha oksijeni kwa shida, ila mgonjwa akikaa kimya ile akiba inamtosha, na kipimo cha kidoleni kinasoma asilimia 95 kana kwamba hakuna tatizo. Akianza kutembea moyo unakwenda mbio, damu inapita haraka, akiba inaisha, na chembe zinaondoka kabla hazijajaa. Kwa hiyo kumpima mgonjwa wa aina hii akiwa kwenye benchi tu ni kumpima nusu.

Kipimo cha kutembea kinawezekana kwenye zahanati yoyote yenye kipimo cha kidoleni. Mketishe mgonjwa dakika tano. Ondoa rangi ya kucha. Kama kucha zina hina, tafuta kidole kisicho nayo. Mkono ukiwa wa baridi usugue upate joto kwanza, maana kidole kisichopata damu vizuri husomeka vibaya. Andika oksijeni, mapigo ya moyo, na idadi ya pumzi zilizohesabiwa kwa dakika nzima. Kisha atembee kwenye sakafu tambarare kwa mwendo wake wa kawaida, dakika tatu hadi sita, mhudumu akiwa pembeni yake. Akisimama usikitoe kipimo mara moja, kiache dakika moja au mbili zaidi, kwa kuwa namba ya chini kabisa mara nyingi huonekana baada ya kusimama. Kushuka kwa pointi nne au zaidi kunatia shaka. Ikifika chini ya 90, au akipata kizunguzungu, msimamishe hapo hapo. Na kama alikuwa tayari chini ya 92 akiwa ametulia, usimtembeze kabisa: jibu unalo, anahitaji oksijeni na rufaa.

Kipimo hiki hakitaji jina la ugonjwa. TB iliyosambaa mapafuni na ugonjwa wa moyo navyo huweza kushusha oksijeni. Kinachokuambia ni kwamba mapafu yana tatizo ambalo sikio halikulisikia.

Tuchukue mfano tulioutunga kwa ajili ya makala hii. Mwanamume wa miaka 36, mkulima wa tumbaku, kilo 48, anafika zahanati akiwa na kikohozi kikavu cha wiki tatu. Amekwisha kunywa amoksilini siku tano na dawa ya malaria. Aliacha ARV miaka miwili iliyopita alipohamia shamba la mbali, na ulimi wake una utando mweupe. Joto ni 38.2, pumzi 26, oksijeni 95. Baada ya dakika tatu za kutembea oksijeni ni 87 na pumzi 38. Siku hiyo hiyo anaandikiwa rufaa kwenda hospitali ya mkoa, ambayo kwa Tabora ni Kitete na kwa wenzetu wa Kigoma ni Maweni. Anatafuta nauli, anapoteza siku mbili. Anapopokelewa oksijeni yake akiwa ametulia ni 90. Siku mbili tu zimekula ile akiba yote.

Ile amoksilini haikumsaidia kwa sababu hushambulia ukuta wa bakteria, na kuvu hana ukuta huo. Hata flukonazoli atakayopewa kwa utando wa mdomoni haitagusa mapafu: dawa nyingi za kuvu hulenga mafuta fulani yaliyo kwenye utando wa seli ya kuvu, na nyumosistisi hana mafuta hayo. Inayofanya kazi ni septrini, yaani kotrimoksazoli, kwa kuwa humzuia kimelea kutengeneza foliki asidi anayoihitaji ili azaliane.

Hospitalini eksirei inaonyesha ukungu pande zote mbili ukitanda kutoka katikati ya kifua. Eksirei safi isingeuondoa ugonjwa huu, hasa mwanzoni. CD4 ni 41. Kumwona kimelea mwenyewe kunahitaji makohozi yaliyochochewa kwa mvuke wa maji ya chumvi, au maji ya kusafishia pafu yaliyotolewa kwa mrija, kisha yapakwe rangi maalumu au yapimwe vinasaba. Hakioti maabara kama bakteria wanavyooteshwa. Pale vipimo hivyo visipopatikana, tiba huanzishwa kwa picha nzima ya mgonjwa, na huo ni uamuzi sahihi wa kitabibu, maana kusubiri kunaua. Sambamba na hilo anapimwa TB kwa mkojo na kwa makohozi yakipatikana, na damu inapimwa kriptokoka, kuvu anayeshambulia ubongo. TB na nyumosistisi huweza kukaa kwenye kifua kimoja, hivyo kupata kimoja hakumalizi kutafuta kingine.

Dozi ndiyo mahali pa makosa mengi. Kiwango cha matibabu huhesabiwa kwa sehemu ya trimetoprimu, miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo kwa siku. Tembe ya septrini ya 480 ina trimetoprimu 80. Kwa kilo 48 tunapata miligramu 720 hadi 960, yaani tembe 9 hadi 12 kwa siku. Mgonjwa wetu anapewa tembe 3 kila baada ya saa 6 kwa siku 21, jumla tembe 252. Linganisha na dozi ya kukinga, tembe 2 za 480 kwa siku: tiba yake ni mara sita ya hiyo. Anayetoka kliniki na tembe mbili za kinga huku tayari anahema, hajatibiwa. Soma pia pakiti kabla ya kuhesabu, kwa kuwa zipo tembe za 960, na hizo zitakuwa nusu ya idadi. Mwenye figo dhaifu hupunguziwa dozi, kwa hiyo kreatinini na potasiamu hupimwa mwanzoni na kurudiwa tiba ikiendelea. Dozi hii huchafua tumbo. Dawa ya kichefuchefu nusu saa kabla humsaidia mgonjwa asitapike tembe.

Kwa kuwa oksijeni yake akiwa ametulia iko chini ya 92, anahitaji pia predinisoloni, ianze pamoja na septrini au ndani ya saa 72. Kwa tembe za miligramu 5 ni hivi: tembe 8 asubuhi na 8 jioni kwa siku 5, kisha tembe 8 mara moja kwa siku kwa siku 5, halafu tembe 4 mara moja kwa siku kwa siku 11. Sababu yake ni ya kueleweka: vimelea wakifa kwa wingi, mwili huwaka dhidi ya mabaki yao, na pafu lililokwisha kujaa huvimba zaidi. Dawa hii huzima moto huo. Lakini ikinunuliwa dukani na kunywewa bila septrini hupunguza kinga iliyobaki na kumpa kimelea nafasi. Hutolewa hospitalini, TB ikiwa inatafutwa kwa wakati mmoja.

Ndugu wanaomuuguza waambiwe mapema kwamba kati ya siku ya pili na ya tano mgonjwa anaweza kuonekana amezidiwa. Hapo ndipo familia nyingi hukata tamaa na kuomba kuondoka naye. Nafuu huanza kuonekana kati ya siku ya nne na ya nane, na kabla ya hapo hatusemi dawa imeshindwa. Ikipita siku ya nane bila nafuu, anatafutiwa tena TB na magonjwa mengine, na dawa inaweza kubadilishwa kuwa klindamaisini na primakwini. Maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa kifua yasisubiri siku yoyote: pafu huweza kutoboka, na hewa ikavuja kulibana.

Wiki ya pili ina hatari yake. Upele unaowasha huweza kutokea, na ulio mwepesi huvumiliwa kwa uangalizi. Vidonda mdomoni au sehemu za siri, macho mekundu, au ngozi inayobambuka ni amri ya kuacha septrini mara moja na kumwona daktari saa hiyo hiyo.

ARV hurejeshwa ndani ya wiki mbili za kuanza tiba ya mapafu, mradi kipimo cha kriptokoka hakikuonyesha maambukizi. Zikirejeshwa, homa na kikohozi huweza kurudi kwa muda kwa sababu kinga imeamka. Mgonjwa arudi kupimwa, asiziache.

Siku ya 22 dozi inashuka kuwa tembe 2 za 480 kwa siku, na hiyo sasa ni kinga kweli. Haikomi kwa sababu mtu amenenepa au amerudi shambani. Hukoma CTC, yaani kliniki ya VVU, ikiona CD4 imepanda na kubaki juu. Siku hiyo ya 22 mtembeze tena dakika tatu kwenye sakafu ile ile. Mgonjwa anayeanza na 96 na kumaliza na 94 anaweza kurudi nyumbani na tembe zake. Anayeshuka hadi 88 abaki, atafutwe kilichobaki kifuani.