Pul-ap: ukibonyeza batani pini inasoma HIGH au LOW?

Kuna jamaa mmoja mpenzi wa Arduino alikuwa anamwelekeza dogo hapa Sinza, akamwambia rezista ya pul-ap ndo inafanya pini isome HIGH ukibonyeza batani. Hapana bana, ni kinyume chake. Pul-ap inaipa pini HIGH wakati batani HAIJAguswa, ukibonyeza ndo inashuka LOW.

Angalia waya zinavyokaa. Rezista mguu mmoja uko 5V, mwingine kwenye pini, halafu batani inakaa kati ya pini na graundi. Kama hujabonyeza, moto hauna pa kupita, kwa hiyo hakuna volti inayopotea kwenye rezista na pini inabaki na 5V yake. Ukibonyeza, pini imeungwa moja kwa moja na graundi, inakuwa 0V, zile volti 5 zote zinaishia kwenye rezista. Ukiwa umeweka ya kilo-om 10 inapita nusu miliampea tu, haiumizi kitu, ila ukiweka waya mtupu badala ya rezista hapo umepiga shoti.

Sasa dogo akaandika hivi, na taa ipo pini 13:

```
pinMode(2, INPUT_PULLUP);  // setup
digitalWrite(13, digitalRead(2));  // loop
```

Taa ikawaka muda wote, akibonyeza inazima, akataka kurudi Kariakoo kubadilisha batani eti mbovu. Batani nzima kabisa, ni yale maelezo aliyopewa.

Jamaa angekuwa sahihi kama angekuwa anaongelea pul-dauni, yaani rezista inaenda graundi na batani inaenda 5V, hiyo kweli ukibonyeza unapata HIGH. Nahisi ndo alipochanganya. Lakini chipu ya Uno haina pul-dauni ya ndani, ina pul-ap tu, kati ya kilo-om 20 na 50, ndo maana watu wengi wanatumia INPUT_PULLUP wasihangaike na rezista ya nje. Na ukichanganya, ukaweka pul-ap halafu batani ukaipeleka 5V, pini inasoma HIGH ubonyeze usibonyeze, unaweza kukesha unatafuta kosa kwenye kodi wakati liko kwenye waya.

Kuhakikisha chukua mita, weka volti za DC, ncha nyeusi graundi, nyekundu kwenye pini. Bila kubonyeza uone karibu 5, ukibonyeza karibu 0. Ikikaa 0 muda wote cheki miguu ya batani, zile za miguu minne huwa imeungana miwili miwili kwa ndani, ukikosea jozi ni kama umeibonyeza daima, chomeka miguu ya kona kwa kona hutokosea.

Kodi ya dogo ilihitaji kugeuzwa tu:

```
digitalWrite(13, digitalRead(2) == LOW);
```