Kuvunja kadi hakuvunji malipo

"Kadi ile nimeshaibadilisha, hawawezi kunikata tena." Hapa Arusha kauli hii haiishi, hasa kwa wenye kampuni za utalii wanaolipia huduma za nje kwa dola, zile zinazojikata zenyewe kwenye kadi. Basi tuimalize leo.

Muuza huduma hana habari na plastiki yako. Alichohifadhi ni namba ya kadi na tarehe ya kuisha, au tokeni, yaani namba mbadala inayotumika kwake tu. Zile tarakimu tatu za nyuma haruhusiwi kuzitunza baada ya malipo kuidhinishwa, kwa hiyo sizo zinazompitisha kila mwezi.

Chukua kampuni yenye kadi ya Visa iliyoandikwa 08/26. Inafanya kazi mpaka Agosti 31, kisha benki inatoa nyingine yenye namba mpya. Kadi hiyo ililipia tovuti, hifadhi ya picha na kalenda ya kupokea wageni.

Anayeuza huduma ya tovuti ana namba ya zamani tu. Septemba anaituma, benki inamjibu 54, yaani kadi imeisha, au 14, namba si sahihi. Anajaribu tena siku kadhaa, halafu anazima tovuti.

Mwenye hifadhi ya picha amejiunga na Visa Account Updater, huduma ya kuwapa wauzaji namba mpya za kadi. Kwa Mastercard ipo Automatic Billing Updater. Benki yako hupeleka huko namba ya zamani na mpya, na muuzaji huuliza huko kabla ya kukata. Wewe huulizwi. Lakini lazima benki na muuzaji wote wawe wamejiunga, ndiyo maana mmoja anakatika na mwenzake anaendelea.

Mwenye kalenda ana tokeni. Kadi ikibadilishwa, tokeni inabaki ile ile na kuelekezwa kwenye kadi mpya.

Sasa linaloniudhi. Watu hudhani tarehe ikipita, mlango umefungwa. Hapana. Namba ikibaki ile ile na malipo yakiwa na alama ya kujirudia, benki inaweza kuyapitisha hata kwa tarehe iliyopita. Ni uamuzi wake. Hata kuripoti kadi imepotea si dawa, kwani namba iliyochukua nafasi yake nayo inaweza kupelekwa kwa wauzaji. Na nikiri: kwa nje hata sisi wa kazi hii hubahatisha huduma ipi itakatika. Dalili nzuri ni kuingia kwenye akaunti ya huduma na kukuta tarakimu nne za mwisho za kadi mpya ambayo hukuiingiza. Ukikuta za zamani, usishangilie. Tokeni inaweza kuwa inafanya kazi chini yake.

Hutaki huduma? Ifute kwa muuzaji mwenyewe na utunze uthibitisho. Akiendelea kukata, iambie benki izuie malipo ya muuzaji huyo kwa jina. Usiombe kadi nyingine. Unaitaka? Ingiza kadi mpya kabla ya tarehe ya kukatwa. Na ukipekua taarifa ya benki, rudi nyuma miezi 13, la sivyo jina la tovuti linalolipiwa mara moja kwa mwaka litakupita.