Madini joto, omega tatu na protini: mjamzito anavipata wapi jikoni?

Kwenye pakiti ya chumvi pameandikwa "yenye madini joto". Kwenye dumu la mafuta pameandikwa "omega". Na kliniki ukienda unaambiwa ule protini zaidi. Maneno hayo matatu kila mama kijacho wa Dar es Salaam ameyasikia, lakini ni wachache walioelezwa kila kimoja kinatoka kwenye chakula gani. Nitaanza na chumvi, maana hapo ndipo watu wengi wanapopoteza walichokwisha kukinunua.

Madini joto ndiyo iodini. Mwili unayatumia kutengeneza homoni za tezi iliyo shingoni, na homoni hizo ndizo zinazoongoza ujenzi wa ubongo wa mtoto tumboni. Kwa miezi minne ya mwanzo hivi, tezi ya mtoto haijaanza kufanya kazi yake sawasawa, kwa hiyo anatumia homoni za mama. Mama naye wakati huohuo anapoteza iodini nyingi zaidi kwenye mkojo. Ndiyo maana mahitaji yanapanda: mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Upungufu mkubwa unajulikana kwa rovu, lile vimbe la shingoni. Upungufu mdogo hauumi wala hauonekani, na mama anaweza kuwa nao bila kuhisi lolote.

Sasa tupige hesabu ya chumvi. Tuseme chumvi iliyofika jikoni kwako ina miligramu 30 za iodini kwa kila kilo. Mtu hatakiwi kuzidisha gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, tukihesabu na ile iliyomo ndani ya mkate na mchuzi. Gramu hizo 5 zinampa maikrogramu 150, na sehemu yake inapotea wakati wa kupika. Zinazobaki zitoke kwenye samaki wa baharini, maziwa na mayai. Kuongeza chumvi ili kufidia si dawa, kwa sababu presha ya mjamzito nayo ina hatari zake.

Lakini hesabu hiyo inasimama kama chumvi yenyewe ina madini joto. Chumvi ya mawe inayotoka moja kwa moja kwenye mashamba ya chumvi ya pwani na kupimwa kwa kopo kutoka kwenye gunia mara nyingi haijawekewa chochote. Wengi wanaamini kwamba kwa kuwa imetoka baharini basi iodini imo. Haimo ya kutosha, kwani maji ya bahari yakikauka iodini inayobaki kwenye chumvi ni kidogo mno. Kwa macho na kwa ulimi huwezi kutofautisha. Wapimaji hutumia matone maalumu, chumvi ikiwa na madini joto inageuka rangi ya buluu au zambarau, isiyo nayo inabaki nyeupe.

Na hata ile ya pakiti inaharibika ikitunzwa vibaya. Unyevu, jua na joto vinaipunguza nguvu siku hadi siku, na Dar unyevu tunao mwaka mzima. Pakiti iliyochanwa na kuachwa wazi pembeni ya jiko ndiyo mfano wa kila nyumba. Mimina chumvi kwenye chupa au kopo lenye kifuniko, iweke mbali na moto, na uitie kwenye mboga ikikaribia kuiva. Kingine: vidonge vya FEFO mnavyopewa kliniki ni vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Iodini haimo humo. Na mwenye ugonjwa wa tezi asinunue vidonge vya iodini mpaka amwone daktari, kwa sababu ikizidi nayo inaivuruga tezi.

Omega ni jina la ukoo wa mafuta, na ukoo huo una matawi. Omega sita imejaa kwenye mafuta ya alizeti tunayopikia kila siku, na upungufu wake ni nadra. Anayohitaji kutafuta mjamzito ni omega tatu, hasa ile iitwayo DHA, inayojenga ubongo na macho ya mtoto, zaidi katika miezi mitatu ya mwisho. Dumu likiandikwa "omega" bila kusema ipi, usidhani umepata DHA. Soya ina omega tatu ya mimea, ila mwili unageuza kiasi kidogo sana kuwa DHA. Nazi haina. DHA inatoka kwa samaki, na yai linayo kidogo.

Hapa mkazi wa Dar ana bahati. Hahitaji samaki wa bei. Vibua, ambao pale soko la Feri huuzwa kwa mafungu, wana mafuta hayo kuliko changu mweupe, na dagaa pia wanayo. Milo miwili ya samaki wa aina hiyo kwa wiki inatosha kwa wengi. Wapike mchuzi au uwachome kidogo, kwani kuwazamisha kwenye mafuta yanayochemka mpaka wakakauka kunaondoa mafuta yao na kuingiza ya alizeti. Dagaa wakavu waliogeuka njano na kunuka ukali mafuta yao yameoza, waache. Waache pia papa na nduaro kipindi hiki, hata kama papa mkavu wa nazi ndio kitoweo cha kwenu. Samaki wakubwa wanaokula wenzao hukusanya zebaki mwilini, na zebaki inamdhuru mtoto.

Imebaki protini, na hii inahesabika kwenye sahani. Chukua mama aliyekuwa na kilo 60 kabla ya mimba, na sasa mimba ina miezi minane. Wakati ule alihitaji gramu 50 kwa siku. Sasa anahitaji kama 80, ongezeko ambalo miezi mitatu ya mwanzo karibu halikuwepo.

Asubuhi amekunywa chai ya rangi na chapati mbili, gramu 10. Mchana wali, gramu 8, na maharage nusu kikombe, gramu 7. Usiku ugali, gramu 12, na mchicha, gramu 3. Ameshiba siku nzima, na jumla ni gramu 40. Nusu ya anayohitaji!

Bila kubadilisha mlo, ongeza. Chai ipikwe kwa glasi ya maziwa, gramu 8, na yai moja la kuchemsha lililoiva, gramu 6. (Bibi akisema mtoto atazaliwa kipara kwa sababu ya mayai, msikilize kwa heshima na ule yai lako, halihusiani na nywele.) Maharage yawe kikombe kizima, gramu 8 zaidi, na wali unayakamilisha, kwani nafaka ina kile ambacho maharage yamepungukiwa. Usiku weka dagaa wakavu konzi moja, gramu 15, kwenye ule ugali. Jumla 77. Karanga konzi moja jioni, gramu 7, inamfikisha 84.

Dagaa hao wakiwa wa baharini, wale wa Unguja, konzi hiyohiyo inaleta na iodini kidogo pamoja na DHA. Wa Mwanza na wa Kigoma wana protini ileile, ila kwa iodini maji ya ziwa hayafikii ya bahari.