Tuni moja, mataifa matatu

*"Juzi tunaangalia mpira pale Kirumba, Bafana wa Afrika Kusini wakaanza wimbo wao, nikasimama nikidhani ni wetu, Mungu Ibariki Afrika. Kwa nini unafanana hivi, na nani alimwiga mwenzake?"*

Waafrika Kusini ndio waliotunga, sisi Watanzania ndio tuliotangulia kuufanya wimbo wa taifa. Tuni hiyo, ya "Nkosi Sikelel' iAfrika", ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya katika shule ya misheni ya Kimethodisti huko Nancefield, Johannesburg. Alikuwa akiandika nyimbo zake kwenye daftari la shule, maneno kwa Kixhosa na tuni kwa do-re-mi, ili wanafunzi wake waimbe kwa sauti nne. Hakuwa anatunga wimbo wa nchi yoyote. Alikuwa anatunga sala, ubeti mmoja na kiitikio, na hadharani ilisikika kwanza mwaka 1899 mchungaji mmoja alipokuwa anawekewa mikono. Sontonga alifariki mwaka 1905 bila kujua sala yake ingefika wapi.

Kilichoitoa kanisani ni siasa. Tarehe 8 Januari 1912, wakati chama ambacho baadaye kiliitwa ANC kinaanzishwa, mkutano ulifungwa kwa wimbo huo. Ikawa desturi, na desturi hiyo ikasambaa kwa vyama vya kudai uhuru na makanisa ya kusini, kati na mashariki mwa Afrika. Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi aliongeza beti saba: za kuwaombea machifu, wanaume na vijana, wake, wachungaji, hata kilimo na mifugo. Kwa hiyo Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, ilichukua tuni ambayo watu wengi walikwisha kuizoea kama wimbo wa Afrika nzima. Zambia ikafuata mwaka 1964, ikabaki na tuni na kuandika maneno yake kwa Kiingereza. Kule ilikotungwa, serikali ya ubaguzi ilikuwa na wimbo wake tofauti kabisa, na sala ya Sontonga ilisubiri hadi 1994.

Majirani zetu wa Ziwa Victoria walipita njia nyingine, ndiyo maana huwezi kuchanganya wimbo wetu na wao. Uganda mwaka 1962 ilichukua utunzi wa mtu mmoja, George Kakoma, aliyekuwa mwalimu wa muziki. Kenya mwaka 1963 iliunda jopo la watu watano, nao wakajenga wimbo juu ya bembelezi la Wapokomo, wimbo wa kumlaza mtoto.

Sisi tulirithi tuni, kwa hiyo kazi yote ilikuwa kwenye maneno, na hapo ndipo panapostahili kuangaliwa kwa karibu.

Kwanza, kilichoondolewa. Kiitikio cha Sontonga kinasema "Yihla Moya", yaani Shuka Roho, na anayeitwa ni Roho Mtakatifu. Hilo ni neno la Wakristo peke yao. Kwa Kiswahili nafasi hiyo ilijazwa na "Ibariki Afrika". Jina la Mungu likabaki, lakini hakuna tena kinachomfunga mwimbaji kwenye kanisa, na Mwislamu na Mkristo wanaomba kwa maneno yaleyale. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika wimbo huu.

Pili, kilichobaki. Kule kusini, ubeti unavyoimbwa leo unamalizia kwa "thina lusapho lwayo": sisi, familia yake, yaani familia ya Afrika. Yetu inasema "Tubariki watoto wa Afrika". Hiyo "tu-" ni "sisi", kwa hiyo "watoto wa Afrika" si watoto wadogo tunaowaombea; ni sisi wenyewe tunaoimba. Na zile beti za Mqhayi za machifu, wanaume na wake zina mwangwi katika "viongozi wake" na "wake kwa waume na watoto".

Tatu, sarufi, maana hapa wengi wanateleza. Utasikia mtu anaimba "Mungu ubariki Afrika". Hapana. Mstari huo ni ombi linaloelekezwa kwa Mungu, kana kwamba kuna mkato baada ya jina: Mungu, ibariki Afrika. Ile "i-" inasimama badala ya Afrika, kama vile "wa-" katika "Wabariki viongozi" inavyosimama badala ya viongozi. Ukitaka kuhakikisha, weka kitenzi cha Kibantu, tuseme "linda": Mungu, ilinde Afrika, walinde viongozi, tulinde sisi. Mwisho wa "linda" umegeuka kuwa "e" na ombi linaonekana wazi. "Bariki" imetoka Kiarabu, haigeuki mwishoni, ndiyo maana sikio linadanganyika.

Nne, silabi. "Mungu ibariki Afrika" ina silabi tisa. "Mungu ibariki Tanzania" ina kumi, kwa sababu A-fri-ka ni tatu na Ta-nza-ni-a ni nne. Tuni ni ileile, kwa hiyo kwenye ubeti wa pili lazima nota moja igawanywe ili silabi ya ziada ipate pa kukaa. Kwaya isipokubaliana mapema, sauti ya kwanza hugawanya mahali pamoja na besi mahali pengine, na neno Tanzania linatoka limepasuka. Dawa yake ni rahisi: ondoa tuni, wasomeshe mstari kwa kupiga makofi, silabi moja moja, mpaka wote wafike "-ni-a" pamoja, ndipo uwarudishe kwenye kuimba. Tatizo hili ni la zamani kuliko jina lenyewe. Jina Tanzania lilianza rasmi Oktoba 1964. Kabla ya hapo aliyekuwa akiombewa ni Tanganyika, nayo ni silabi nne, Ta-nga-nyi-ka. Ndiyo maana jina jipya liliingia bila kugusa nota hata moja.

Wapo walioona haitoshi kushiriki tuni na wengine. Zimbabwe iliitumia tangu uhuru wa 1980, kisha mwaka 1994 ikaweka wimbo wake yenyewe baada ya shindano. Namibia iliitumia kwa muda tu, na mwaka 1991 ikapata wake. Afrika Kusini ilikuwa na mgogoro mgumu zaidi: mwaka 1994 ilitambua nyimbo mbili kwa pamoja, sala ya Sontonga na wimbo wa utawala wa zamani, na kuziimba zote kulichosha. Mwaka 1997 zilifupishwa na kuunganishwa kuwa wimbo mmoja wenye lugha tano.

Basi siku nyingine ukiwa kibandani, usiinuke kwa nota za mwanzo. Wasikilize. Wataanza kwa Kixhosa, waingie Kizulu, kisha Kisotho, na hadi karibu na hapo ungeweza kuweka maneno ya Kiswahili juu yao. Halafu do inahama, kutoka G kwenda D, tuni inakuwa nyingine kabisa na lugha inageuka Kiafrikana, mwisho Kiingereza. Wimbo wetu hauhami: unamaliza kwenye do ileile ulikoanzia. Ukisikia tuni yetu tangu mwanzo hadi mwisho lakini maneno ni ya Kiingereza, hao ni Wazambia.